Ngeli Ikipotea Baada ya Nukta: Jinsi ya Kutambua Ujumbe Uliotafsiriwa na Mashine

Hebu soma ujumbe huu polepole, kana kwamba umeingia kwa simu yako sasa hivi:

"Malipo yako ya KSh 4,500 yamesimamishwa. Tafadhali ithibitishe ndani ya saa 24 la sivyo itafutwa. Mawakala wetu wako tayari kukusaidia."

Umeona kitu? Kama hujaona, usijali. Ujumbe huu tumeutunga wenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini umbo lake ni lile lile la barua pepe na meseji nyingi za ulaghai: kuna kiasi cha pesa, kuna saa zinazohesabiwa, na kuna mtu anayejitolea kukusaidia. Macho hukimbilia zile 4,500 na zile saa 24. Maneno mengine yote hupita tu.

Leo tunataka uangalie hayo maneno mengine. Ndani yake kuna makosa mawili ya ngeli, na mahali yalipo makosa hayo panatuambia jambo kuhusu aliyeandika. Si lazima uwe mwalimu wa Kiswahili. Sikio lako tayari linajua kazi hii. Unachohitaji ni kujua pa kulielekeza.

Makosa yako wapi?

Anza na sentensi ya kwanza. "Malipo yako ya KSh 4,500 yamesimamishwa." Hapa hakuna shida. Malipo huchukua YA, na YA imefuatwa vizuri: yako, ya, yamesimamishwa.

Ruka hadi sentensi ya mwisho. "Mawakala wetu wako tayari." Hapa pia mwandishi amefaulu, na amefaulu mahali pagumu. Neno mawakala linaanza na ma- kama malipo, kwa hivyo mtu angeweza kuteleza akasema "mawakala yetu". Lakini wakala ni binadamu, na binadamu huenda katika ngeli ya A-WA hata jina lake likiwa na ma- mbele. Mwandishi wetu anajua hilo.

Sasa rudi katikati. "Tafadhali ithibitishe ... la sivyo itafutwa." Ni nini inayothibitishwa? Ni nini itakayofutwa? Ni malipo. Basi ilifaa kuwa "yathibitishe" na "yatafutwa". Ile YA iliyofuatwa vizuri katika sentensi ya kwanza imepotea mara tu baada ya nukta, na mahali pake pamekaa I.

Fikiria hilo kidogo. Mtu anayejua kwamba mawakala ni A-WA, anayeandika "yamesimamishwa" bila kusita, anawezaje kusahau malipo yake maneno machache baadaye? Mtu aliyekuwa na hayo malipo kichwani alipokuwa akiandika ni vigumu ayasahau hivyo. Mashine, kwa upande mwingine, inaweza kabisa.

Kwa nini mashine hupotelea hapo

Barua nyingi za aina hii hazikuanza kwa Kiswahili. Huandikwa kwa lugha nyingine, mara nyingi Kiingereza, kisha zikapitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Zana hizo si ngeni tena. Huduma ya tafsiri ya Google ilianza kushughulikia Kiswahili mwaka wa 2009, na tangu wakati huo zana kama hizo zimeboreka sana. Zamani zilikosea hata maneno mawili yanayokaa bega kwa bega, na tafsiri mbaya ilijulikana kwa kuangaliwa tu. Siku hizi nomino na kitenzi vikiwa kwenye sentensi moja, mashine hupatanisha vizuri mara nyingi.

Shida hubaki pale sentensi inapozungumzia kitu bila kukitaja tena. Katika Kiingereza kuna neno moja dogo linalosimamia malipo, kadi, jina, kitambulisho na mkopo pia. Halibadiliki. Sisi tuna I kwa kadi, LI kwa jina, KI kwa kitambulisho, U kwa mkopo na YA kwa malipo. Ili kuchagua iliyo sawa, ni lazima ukumbuke kitu kilichotajwa awali.

Mashine ikitafsiri sentensi moja moja, ikifika kwenye ya pili haina tena malipo mbele yake. Ina agizo tupu la kuthibitisha "hicho kitu", na hakuna wa kuiambia ni kitu cha ngeli gani. Basi inakisia, na mara nyingi inaangukia I, kwa sababu ngeli ya I-ZI ina maneno mengi mno, hasa ya kukopa: akaunti, simu, laini, kadi, programu.

Zipo mashine zinazosoma aya nzima kwa pamoja, na hizo hukosea kidogo. Lakini hata hizo hupata shida maandishi yakikatwa vipande. Na hakuna maandishi yanayokatwa vipande kama barua pepe.

Kwenye barua pepe, angalia kitufe

Barua pepe ya kibiashara ina kichwa, aya fupi, kitufe cha kubonyeza, na mistari midogo chini kabisa. Kila kipande kinaweza kutafsiriwa peke yake. Mfano mwingine wa kutunga huu hapa:

"Nenosiri lako limebadilishwa leo saa 3:12 asubuhi.

Ikiwa si wewe uliyeibadilisha, chukua hatua sasa."

Halafu chini yake kuna kitufe kikubwa cha kijani: "Ibadilishe tena".

Nenosiri ni la LI-YA. Aya ya kwanza inalijua: lako, limebadilishwa. Aya ya pili imelisahau: "uliyeibadilisha" badala ya "uliyelibadilisha". Kitufe nacho kimelisahau kabisa: "Ibadilishe" badala ya "Libadilishe".

Kitufe ndicho mahali pazuri zaidi pa kuangalia. Kina neno moja au mawili tu na hakina nomino karibu, kwa hivyo mashine haikuwa na pa kujishikilia. Pia ndicho kile ambacho mlaghai anataka ukibonyeze. Kabla kidole hakijafika hapo, jiulize: kitufe hiki kinasema kuhusu kitu gani, na je, kinakitaja kwa ngeli yake?

Lakini si hata sisi huvunja ngeli?

Swali zuri, na ndilo muhimu kuliko yote. Tukisema kila kosa la ngeli ni dalili ya ulaghai, itabidi umshuku kila mtu unayemjua. Wakenya tunasema "pesa yangu imeingia" badala ya "pesa zangu zimeingia". Tunasema "gari yangu", "hii maneno", "simu ambaye nilinunua". Hakuna anayetapeli mtu hapo. Ndivyo tunavyoongea.

Tofauti iko kwenye mpangilio wa makosa. Chukua meseji ambayo jirani angeweza kukuandikia:

"Vitu zimefika. Ziko kwa duka, kuja uzichukue."

Mwalimu angetia alama nyekundu mara tatu: vimefika, viko, uvichukue. Lakini angalia kitu kimoja. Mwandishi ameanza na ZI akaishia na ZI. Amevuka nukta akiwa bado ameshika vitu vyake mkononi. Ngeli yake si ya kitabu, lakini ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kichwani mwake kuna kitu kimoja halisi anachokizungumzia.

Mashine hufanya kinyume. Sentensi yake ya kwanza ni ya kitabu kabisa, yenye maneno kama "yamesimamishwa" na "hakijasasishwa". Kisha baada ya nukta, ngeli inabadilika bila sababu. Kiswahili chake ni safi pale nomino ilipo karibu, na kinalegea pale nomino ilipo mbali.

Kwa hivyo usihesabu makosa. Uliza kama mwandishi amebaki na ngeli aliyoanza nayo. Aliyeanza na "pesa yako imekwama" akaendelea na "iko kwa sistimu" anaongea kama Mkenya. (Anaweza kuwa tapeli pia, tutafika hapo.) Aliyeanza na "malipo yako yamesimamishwa" akaishia na "itafutwa" amebadilisha kitu katikati ya safari.

Kuna pia mambo yanayofanana na makosa ila si makosa. "Rafiki yangu", "mama yako" na "ndugu zetu" ni Kiswahili sanifu, hata kama hao wote ni watu. Na neno moja linalosimama peke yake, kama "Imethibitishwa" au "Imekamilika" mwanzoni mwa ujumbe, si kosa. Hakuna nomino iliyotajwa bado, kwa hivyo hakuna ngeli ya kuvunjwa. Tunaanza kuhesabu pale kitu kinapotajwa kwa jina lake.

Jipime kwa "hii"

Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Hiyo ni nafasi ya sentensi mbili au tatu tu, na ndani yake utapata sehemu mbili hivi za kukagua. Kazi yenyewe ni ya sekunde chache, na inaenda hivi.

Kwanza, tafuta kitu kinachozungumziwa. Kwa kawaida kimo katika maneno matatu ya mwanzo: malipo yako, mkopo wako, kitambulisho chako.

Pili, kitamke pamoja na "hii" inayokifaa. Malipo haya. Mkopo huu. Kitambulisho hiki. Nenosiri hili. Sikio litakupa jibu lenyewe, hata kama ulisahau majina ya ngeli siku ile ile uliyomaliza KCPE.

Tatu, vuka nukta ukiwa na sauti hiyo, na uilinganishe na kila kitenzi kinachogusa kitu hicho. Angalia hasa vitenzi viwili: kile kinachokuamuru (thibitisha, chukua, badilisha) na kile kinachokutisha (itafutwa, itafungwa, itaisha). Ujumbe wa ulaghai karibu kila mara huwa na vyote viwili, kwa sababu ndivyo unavyokufanya uharakishe.

Jaribu na huu: "Mkopo wako umeidhinishwa. Ichukue leo kabla haijaisha muda." Mkopo huu, kwa hivyo sauti ni U. Kitenzi cha kuamuru kinasema I, na cha kutisha kinasema I. Kama mwandishi angekuwa bado na mkopo kichwani, angeandika "Uchukue leo kabla haujaisha muda."

Na huu: "Kitambulisho chako hakijasasishwa. Tuma nakala yake ili iweze kukaguliwa." Hapa tulia. Kitambulisho hiki, lakini "iweze" inaweza kuwa inahusu nakala, na nakala ni hii. Ujumbe huu uko sawa. Ndiyo maana hatua ya tatu ni kuuliza kitenzi kinagusa kitu gani, wala si kukimbilia kila I unayoiona. Nomino mbili zikiwa kwenye ujumbe mmoja, mpe mwandishi nafasi ya kuwa sahihi kabla ya kumhukumu.

Pale kipimo kinaponyamaza

Sasa tuwe wakweli kuhusu mipaka ya mbinu hii, kwa sababu mbinu usiyojua mipaka yake inaweza kukugharimu.

Mpaka wa kwanza ni neno akaunti. "Akaunti yako imefungwa. Ifungue hapa kabla haijafutwa." Pima: akaunti hii, sauti ni I. Ifungue, haijafutwa. Kila kitu ni sahihi! Lakini ni sahihi kwa bahati. Mashine ingeangukia I hata kama ingekuwa imesahau kila kitu, na kwa kuwa akaunti iko kwenye I-ZI, kosa limejificha. Ni hivyo hivyo kwa laini, kadi, nambari na simu. Haya ndiyo maneno ambayo matapeli huyapenda, kwa hivyo kipimo chetu hunyamaza mara nyingi pale tunapokihitaji. Kunyamaza huko si kibali. Ujumbe usio na kosa haujathibitisha chochote.

Mpaka wa pili ni tapeli anayejua Kiswahili. Aliyekulia Nakuru au Kisauni hahitaji mashine. Ataandika kama jirani yako anavyoandika, na ngeli zake zitakuwa kama zako. Kipimo hiki hakimkamati huyo hata kidogo.

Mpaka wa tatu unakwenda upande wa pili. Kampuni halali pia hutumia mashine, na pia hutumia violezo vyenye pengo. Kiolezo kimoja huandikwa "yako imekubaliwa", kisha mfumo unajaza mwanzo wake kwa jina la huduma. Ukijaza "Akaunti", inasomeka vizuri. Ukijaza "Mkopo", unapata "Mkopo yako imekubaliwa". Hakuna mwizi hapo, ni sentensi iliyoandikwa kwa ngeli moja ikatumiwa kwa ngeli zote. Tofauti na mifano ya juu, kosa hili hukaa pale pale kando ya nomino, mwanzoni kabisa mwa ujumbe.

Kwa hivyo ngeli ikipotea, umejua jambo moja: yaelekea maneno haya hayakuandikwa na mtu aliyekuwa akikufikiria wewe na malipo yako. Hujajua bado kama ni wizi. Hilo unalithibitisha kwingine.

Hizo 4,500 ziko wapi?

Turudi kwenye ule ujumbe wa kwanza. Tuseme umemfikia muuza mitumba Gikomba siku ya Jumamosi. Ana wateja watatu mbele yake, na kweli kuna mtu aliyeahidi kumtumia 4,500. Ujumbe unaonekana kuwa na maana. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anaogopa kupoteza pesa ambazo ni za kwake.

Amesoma, na sikio limekwama kwa "ithibitishe". Afanye nini?

Asibonyeze linki, asijibu, na asipige nambari iliyo ndani ya ujumbe. Afunge ujumbe, kisha afungue mwenyewe menyu ya malipo au programu ya huduma anayotumia, kwa njia ile ile anayoitumia kila siku. Aangalie salio, halafu taarifa ya miamala. Kama 4,500 zimeingia, zitaonekana hapo pamoja na jina la aliyetuma na nambari ya muamala. Kama hazionekani, ampigie yule aliyeahidi kutuma amuulize kama ametuma na kama pesa zimetoka upande wake. Kama hazijatoka, hakuna malipo yaliyosimamishwa, na ule ujumbe umedanganya.

Bado ana shaka? Apigie huduma kwa wateja kwa nambari aliyokuwa nayo tangu zamani, asome ujumbe neno kwa neno, na aulize kama wametuma. Haijalishi saa 24 zinasemaje. Malipo halisi hayategemei yeye kubonyeza linki wala kutaja nambari yake ya siri. Kupokea pesa hakuhitaji nambari ya siri kamwe. Ukiombwa nambari ya siri ili "upokee", jua kwamba kuna mtu anayetaka kutoa.

Na kama tayari umebonyeza na ukaandika nambari ya siri, ibadilishe sasa hivi kupitia menyu ya simu yako, kisha piga simu huduma kwa wateja waangalie kama kuna muamala usioutambua. Fanya hivyo kabla ya kufuta ujumbe. Uache ulivyo, upige picha ya skrini, kwa sababu anayechunguza atahitaji kuona nambari iliyoutuma na maneno yenyewe, pamoja na ile "ithibitishe" yake.